Fremu 107,892 ni muda gani? 29.97, zile sekunde 3.6 na kutoa taimukodi kwenye karatasi

*Habari za Kigoma kaka. Mi nipo Tabora, naediti sendofu na harusi. Nina klipu ya ukumbini, programu inasema ina fremu 107,892 na kamera iliyokodiwa ilikuwa kwenye 29.97. Nikigawa kwa 30 napata dakika 59 na sekunde 56, ila rekoda ya sauti tuliyoiwasha na kuizima pamoja na kamera inasoma saa nzima, na taimukodi nayo inasoma saa nzima. Nikiiweka kama 30, ikifika mwisho midomo imeachana kabisa na sauti. Afu nikitoa taimukodi kwenye karatasi jibu langu haliendani na la kompyuta. Nakosea wapi?*

Nzuri mdogo wangu, huku ziwani salama.

Kugawa umegawa vizuri, ulichokosea ni kigawanyo. Hiyo 29.97 siyo 30 iliyoandikwa kwa mbwembwe, ni kasi nyingine kabisa, na hata hiyo 29.97 yenyewe imefupishwa ili itoshe kwenye menyu. Namba halisi ni 30000 gawanya kwa 1001, yaani 29.97002997 na inaendelea hivohivo. Kwahiyo muda wa klipu yako unatafutwa hivi:

```
sekunde = fremu * 1001 / 30000
107892 * 1001 / 30000 = 3599.9964
```

Hapo umepata saa nzima pungufu ya sehemu tatu na nusu hivi za elfu moja ya sekunde, na hicho ni kitu ambacho hakuna sikio wala jicho litakigundua. Rekoda yako imesema kweli na taimukodi imesema kweli. Ukigawa kwa 29.97 kavukavu kwenye kalkuleta ya simu unapata 3600 kamili, na kwa kazi ya harusi hiyo inatosha kabisa, ila ukiwa unaandika fomula kwenye kompyuta weka 1001 tu maana haikugharimu kitu.

Ukigawa kwa 30 ndo unapata 3596.4, dakika 59 na sekunde 56 na nukta nne. Tofauti ni sekunde 3.6. Hiyo namba ikariri kama namba ya simu ya mama yako, sababu kila utakapoikuta, sekunde 3.6 kwa kila saa moja, ujue kuna mahali mtu au programu imeichukulia 29.97 kuwa 30 au 30 kuwa 29.97. Na haiishii hapo tu, 23.976 ikichukuliwa kuwa 24 inatoa 3.6 hiyohiyo, 59.94 ikichukuliwa kuwa 60 vilevile, maana zote zimezaliwa na 1001 moja.

Unaweza kujiuliza huyu 1001 katokea wapi. Ni mambo ya Marekani, mwaka 1953, walipoingiza rangi kwenye televisheni. Tivi zao zilikuwa zinaenda fremu 30 kwa sekunde, sasa mawimbi ya rangi yakawa yanagombana na mawimbi ya sauti na picha inatoa michirizi, na hawakutaka kuigusa sauti kwa sababu watu walishanunua tivi majumbani, basi wakapunguza kasi ya picha kidogo tu, wakaigawa kwa 1.001. Mafundi wakatatua tatizo lao, sisi huku Tabora na Kigoma tunalipa deni hadi leo kwa sababu tu kamera ya kukodi ilikuja na menyu iko kwenye NTSC, mfumo huohuo wa Marekani. Sisi umeme wetu ni wa hezi 50 na tivi zetu tangu mwanzo ni za 25, hii 29.97 wala haituhusu. Nitarudi hapo.

Sasa tuje kwenye midomo na sauti. Mi nataka kwanza ujiulize swali moja, kuachana kwenyewe kunaendaje? Maana kuna aina tatu na kila moja ina dawa yake, na watu wengi wanaharibu kazi kwa kunywa dawa ya mwenzao.

Ukikuta sauti imechelewa mwanzo wa klipu kwa nusu sekunde na mwisho wa klipu imechelewa kwa nusu sekunde ileile, hapo hakuna shida ya kasi, ulikosea tu kuilinganisha pale mwanzo, isogeze na uendelee na maisha. Ukikuta mwanzo iko sawa, ikifika dakika ya 10 imechelewa kama fremu 18, dakika ya 30 imechelewa sekunde moja na nukta nane, mwisho wa saa sekunde 3.6, yaani inazidi taratibu bila kuruka, hiyo ndo 1001. Na ukikuta inaenda sawa, afu ghafla imeachana, afu kama imerudi, afu imeachana tena, hiyo mara nyingi ni video ya simu, simu haina kasi moja, mwanga ukipungua inapiga fremu chache na mwanga ukirudi inaongeza. Kwa hiyo ya simu kuhesabu fremu na kugawa hakukusaidii kabisa, ibadilishe kwanza iwe na kasi moja isiyobadilika ndo uingie nayo kwenye editi.

Kuna na ya nne ndogo. Saa za ndani za kamera na rekoda, hasa rekoda za bei ya chini, hazijawahi kukubaliana asilimia mia, kwahiyo baada ya saa nzima unaweza kuona zimepishana fremu mbili, tatu, wakati mwingine tano. Usije ukaiona hiyo ukaanza kuhangaika na kasi. Fremu chache kwa saa ni saa za vyombo, sekunde tatu na nusu kwa saa ni hesabu.

Yako kwa maelezo yako ni ile ya pili. Na kuna jambo hapo la kuangalia, maana kuitupia klipu ya 29.97 ndani ya taimulaini ya 30 peke yake hakuleti hiyo shida. Programu ya kawaida inaulinda muda, klipu ya saa moja inabaki saa moja, inachofanya ni kurudia fremu moja kila baada ya fremu kama elfu moja, kila nusu dakika na ushee hivi, na mtu wa kawaida haoni ila kama kamera inapanda na kushuka polepole utaona kijigugumizi kidogo. Kwahiyo kama midomo imeachana maana yake uliiambia programu iichukulie klipu yenyewe kuwa ni ya 30. Kwenye Premiere bonyeza klipu kitufe cha kulia, nenda `Modify`, kisha `Interpret Footage`, nina hakika utakuta pamewekwa `Assume this frame rate` na 30 mbele yake. Rudisha `Use Frame Rate from File`. Kama unatumia Resolve ni kwenye `Clip Attributes`, pale kwenye `Video Frame Rate`. Ukifanya hivo fremu zako zilezile 107,892 zitatembezwa kwa mwendo wao wa kweli na zitamaliza pamoja na rekoda. Dalili ya kuthibitisha kwamba ndo kosa lenyewe ni mwelekeo, ukiichukulia kuwa 30 picha inakimbia kuliko sauti, kwahiyo bwana harusi anafumba mdomo afu ndo unasikia anachosema. Ukikuta kinyume, sauti inatangulia na mdomo unafuata, basi kosa ni lile la upande mwingine, klipu ya 30 kamili imechukuliwa kuwa 29.97.

Mi hili lilinikuta zamani kidogo, mkutano wa injili hapa Kigoma, saa mbili mfululizo, kwaya na mahubiri. Nilikuwa nimerekodi sauti pembeni, nikaja kuona mpiga ngoma anashusha fimbo, kimya, fimbo ishapanda tena juu ndo ngoma inalia. Mwisho wa mkutano tofauti ilikuwa sekunde 7 na kidogo. Sikujua haya ninayokwambia, nikafanya walichokuwa wanafanya wote, nikaikata sauti kila dakika tano nikawa naisogeza kipande kwa kipande, usiku mzima, na bado kila kipande kikifika mwisho kilikuwa kimeshaanza kuachana tena kwa fremu 9. Asubuhi mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za tivi akaniuliza, hiyo saba uliyoona, ukigawa kwa mbili ni ngapi? Nikasema tatu na nusu na ushee. Akacheka. Ilikuwa ni kubadilisha neno moja kwenye menyu.

Haya, sasa taimukodi, hapa ndo watu wanapopotea zaidi.

Taimukodi siyo saa. Ni lebo. Kila fremu imebandikwa jina lake, saa, dakika, sekunde, namba ya fremu, na hilo jina halina uhusiano wa lazima na muda halisi. Kwa kasi ya 29.97 majina yanahesabiwa kwa 30, fremu namba 00 mpaka 29, afu sekunde inaongezeka. Lakini fremu 30 za 29.97 zinachukua muda mrefu kidogo kuliko sekunde moja, kwahiyo lebo inachelewa nyuma ya saa ya ukutani, na ikifika lebo ya 01:00:00:00 saa ya ukutani imeshapita hapo kwa sekunde 3.6. Hiyo ndo taimukodi isiyoruka, kwenye menyu utaiona `NDF` na kwenye skrini alama zote ni nukta mbili.

Ndo wakabuni inayoruka, `DF`, ambayo kabla ya namba ya fremu inaweka nukta mkato, kama 01:00:00;00. Jina lake linawatisha watu wanadhani fremu zinatupwa. Hakuna fremu inayotupwa! Chukulia magunia ya dagaa pale Kibirizi yanabandikwa namba, karani anaruka namba mbili kila baada ya muda, magunia yote yapo, hakuna aliyeibiwa, ila namba ya gunia la mwisho ni kubwa kuliko idadi ya magunia. Ndo hivo. Kila dakika inapoanza, namba ;00 na ;01 zinarukwa, baada ya 00:00:59;29 inakuja 00:01:00;02 moja kwa moja. Isipokuwa dakika zinazogawanyika kwa 10, yaani dakika ya 00, 10, 20, 30, 40 na 50, hizo hazirukwi. Kwahiyo kwa saa kuna dakika 54 zinazorukwa, mara namba mbili, jumla namba 108 zimerukwa. Saa ya majina ni 108,000, toa 108, unabaki na 107,892. Umeiona hiyo namba? Ndo fremu zako. Ndo maana taimukodi yako ilisoma saa nzima na rekoda ikakubali, kamera ilikuwa kwenye DF.

Sasa kwenye karatasi. Kanuni yangu ni moja, usitoe majina, toa fremu. Geuza kila taimukodi iwe namba ya fremu, toa au jumlisha hapo, afu ukitaka ndo uirudishe kuwa taimukodi. Ukiwa kwenye 25 hili ni jepesi mno, sekunde zote zidisha kwa 25 jumlisha fremu za mwisho, basi. Kwenye DF unaongeza hatua moja, unatoa namba zilizorukwa, ambazo ni mbili kwa kila dakika iliyopita ukiondoa zile za kumi kumi.

Tuchukue mfano, hotuba ya baba wa binti kwenye sendofu inaanzia 00:12:59;20 na unataka kukata 00:47:13;08.

Mwisho kwanza. Dakika 47 na sekunde 13 ni sekunde 2,833. Mara 30 ni 84,990, jumlisha 8 unapata 84,998. Dakika zilizopita ni 47, kati ya hizo nne ni za kumi kumi, yaani 10, 20, 30 na 40, zinabaki 43, mara mbili ni 86. Toa 86, fremu ya mwisho ni namba 84,912.

Mwanzo. Dakika 12 na sekunde 59 ni sekunde 779, mara 30 ni 23,370, jumlisha 20 ni 23,390. Dakika 12, moja tu ni ya kumi, zinabaki 11, mara mbili ni 22. Toa, unapata 23,368.

Sasa 84,912 toa 23,368 ni fremu 61,544. Muda halisi ni hizo mara 1001 gawanya 30000, sekunde 2,053.5, yaani dakika 34, sekunde 13 na nusu.

Kwenye Excel, saa ikiwa A2, dakika B2, sekunde C2, fremu D2, weka hii mara moja na usiiguse tena. Fomula ya kwanza inakupa namba ya fremu, iweke E2. Ya pili, kwa fremu zozote zilizopo E2, inakupa muda kwa sekunde. Ya tatu inakupa namba ya jina, ambayo ukiigawa kwa 30 unapata sekunde za taimukodi na kinachobaki ndo fremu.

```
=(A2*3600+B2*60+C2)*30+D2-2*((A2*60+B2)-INT((A2*60+B2)/10))
=E2*1001/30000
=E2+18*INT(E2/17982)+2*MAX(0,INT((MOD(E2,17982)-2)/1798))
```

Hiyo 17982 ni fremu halisi zilizo ndani ya dakika 10 za DF, na 1798 ni za dakika moja iliyorukwa. Ukiweka 61,544 kwenye ya tatu inatoka 61,606, gawanya kwa 30 unapata 2,053 na inabaki 16. Urefu wa hotuba ni 00:34:13;16.

Sasa jaribu kama ulivyokuwa unafanya wewe, kutoa jina kwa jina, 47:13;08 toa 12:59;20. Unakopa sekunde moja ambayo ni fremu 30, unapata 34:13 na fremu 18. Kompyuta inasema 16, wewe unasema 18. Nina uhakika hii ndo tofauti iliyokuwa inakusumbua, fremu mbili, nne hivi, zinakuja na kuondoka kutegemea umevuka dakika gani. Siyo kompyuta imekosea, ni kwamba kati ya alama zako mbili zimerukwa namba 64, wakati kwa urefu uleule ukianza kuhesabu kutoka sifuri zingerukwa 62. Hizo mbili kwa harusi hakuna mtu atakudai. Ila ukizisoma hizo lebo za DF kama vile ni NDF, yaani ukasahau kabisa kwamba kuna namba zilizorukwa, utaamini una fremu 61,608 badala ya 61,544, sekunde mbili nzima zimetoka hewani, na ukimtumia mwenzako orodha ya mikato kwa hesabu hiyo basi kila mkato wake utakuwa pembeni ya ulipotaka, na kadiri sherehe inavyoendelea ndo unazidi kuwa pembeni.

Kuna kosa lingine la kwenye karatasi, linaonekana la kitoto ila nimeliona hata kwa watu wazima. Ile ;08 siyo nukta sifuri nane. 47:13;08 siyo sekunde 13.08, fremu 8 ni kama robo ya sekunde, 0.27. Mtu anaandika 13.08 kwenye kalkuleta anajumlisha klipu arobaini anashangaa imetoka wapi ile jumla.

Na lile la fremu moja. Ukisema anza 10:00 maliza 39:24, je hiyo fremu ya mwisho imo au haimo? Tangazo la sekunde 30 kwenye 25 ni fremu 750 kamili. Ukiweka alama ya mwanzo 00:00:10:00 na ya mwisho 00:00:39:24, kutoa kunakupa 749, lakini kwa sababu fremu zote mbili za pembeni zinachezwa, ni 750. Ni kama kuhesabu siku za kulala gesti, kuna anayehesabu siku na kuna anayehesabu usiku. Programu nyingi ukiweka alama ya mwisho na kitufe cha O fremu uliyosimama juu yake inaingizwa, lakini orodha ya mikato inayotumwa kwa mwingine, ile ya `EDL`, inaandika mwisho kuwa fremu inayofuata, ile ambayo haichezwi. Kwahiyo ukisoma kutoka kwenye EDL unatoa tu, ukisoma kutoka kwenye alama zako unatoa na kuongeza moja. Klipu yako mwenyewe ukienda fremu ya mwisho kabisa, kama imeanzia sifuri, utakuta imeandikwa 00:59:59;29, siyo 01:00:00;00, na hakuna iliyopotea.

Sherehe zetu pia zina mtego wake. Kama kamera ipo kwenye `Free Run`, taimukodi inatembea na saa hata ukiwa hurekodi, kwahiyo sendofu iliyoanza saa moja usiku inaandika 19:00:00;00, hilo kila mtu anajua kupunguza kumi na nane. Shida ni pale MC anapovusha watu saa sita usiku, baada ya 23:59:59;29 inarudi 00:00:00;00, na ukitoa mwanzo kutoka mwisho unapata hasi. Usiogope, jumlisha fremu za siku nzima, kwa DF ni 2,589,408, kwa 25 ni 2,160,000, jibu linakaa sawa. Na ukiwa Free Run hakikisha ni DF, maana NDF ukiilinganisha na saa ya mkononi saa moja usiku, ikifika saa tano usiku imeshachelewa sekunde 14 na nukta nne, afu unaanza kumtafuta bibi harusi anapokata keki mahali ambapo hayupo.

Kwa hii klipu yako fanya hivi. Usiiguse sauti, usiivute wala kuinyoosha. Rudisha klipu kwenye kasi yake ya faili kama nilivyoeleza, tengeneza taimulaini mpya ya 29.97 na taimukodi ya Drop Frame, usibadilishe ile ya 30 maana baadhi ya programu zinakataa kubadilisha kasi taimulaini ikishakuwa na vitu ndani. Linganisha sauti kwa kitu kikali cha mwanzoni, kofi au glasi, afu ruka moja kwa moja dakika ya 50 na kitu uangalie vigelegele na makofi. Kama imeachana fremu mbili tatu hiyo ni rekoda, ikate mara moja katikati wakati wa ukimya uisogeze. Kama bado ni sekunde tatu, basi `Interpret Footage` hujaibadilisha kwenye klipu yenyewe, umebadilisha taimulaini tu.

Kama huna uhakika kamera iliandika nini kweli kwenye faili, usiamini kibandiko cha kwenye menyu, uliza faili lenyewe:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate,nb_frames,duration -of default=nw=1 sendofu.mp4
```

Ukiona `30000/1001` kwenye zote mbili za kasi, ndo yenyewe, nzima. Ukiona `30/1` basi ni 30 kamili na haya yote ya kuruka hayaihusu, unagawa kwa 30 kama ulivyofanya. Ukiona moja inasema hivi na nyingine inasema namba ya ajabuajabu kama 29.4 iliyoandikwa kwa sehemu, hiyo ni simu au kamera ya kasi inayobadilika.

Na safari ijayo kabla hujatoka na kamera ya watu, ingia kwenye menyu yake utafute palipoandikwa NTSC uweke PAL, ule mfumo wetu wa 25, baadhi ya kamera zitajizima na kuwaka tena, nyingine zitakuomba ufomati kadi kwahiyo fanya hivo kadi ikiwa tupu. Ukishakuwa kwenye 25 weka shata 1/50, taa za tyubu za ukumbini zitaacha kucheza kwenye picha, maana umeme wetu unapiga 50, na fremu 107,892 utazigawa kwa 25 kwa kalkuleta ya simu unapata sekunde 4,315 na nukta 68, bila nukta mkato, bila karani wa magunia.